Kurusha Mubashara kwa Simu na Bando: Maswali Yanayoulizwa Sana

Mzee alifariki Jumatano, mazishi yakapangwa Jumamosi kijijini, milimani juu ya mji wa Same. Binti zake wawili wako Doha, kijana wake yuko Minneapolis, na hakuna aliyeweza kuwahi. Mmoja wa vijana wa ukoo akanipigia: “Baba mdogo, simu ninayo nzuri na bando nimenunua. Niweke ubora gani ili wenzetu wasiishie kukitazama kile kiduara kinachozunguka?”

Nimerusha harusi, mahafali na misiba kwa simu kwa miaka kadhaa, na karibu kila anayenijia huanza na swali hilo la ubora. Mimi huanza na lingine: pale pale utakaposimama, katika dakika mbaya kuliko zote, simu yako inaweza kupandisha data kiasi gani? Jibu lake ndilo linalopanga bitireti, na bitireti ndiyo inayopanga ukubwa wa picha. Wengi huenda kinyume. Wanachagua 1080p kwa kuwa kamera ya simu inaiweza, kisha wanautaka mtandao ubebe mzigo ambao haujaulizwa kama unauweza. Maswali yanayofuata ni yale niliyomjibu kijana huyo kati ya Alhamisi na Jumamosi, pamoja na mengine ninayoulizwa mara kwa mara.

YouTube inacheza vizuri kwenye simu yangu. Mbona nikirusha mimi inakatika?

Kutazama ni kushusha data, kurusha ni kupandisha, na njia hizi mbili hazilingani nguvu. Mnara wa simu una umeme mwingi na antena kubwa zilizo juu. Simu yako ya 4G, hata iwe ya bei gani, kwa kawaida hutoa mawimbi yasiyozidi kama sehemu moja ya tano ya wati, tena kutoka kwenye antena ndogo iliyofunikwa na kiganja chako. Juu ya hayo, mitandao yenyewe imepangwa kuipa njia ya kushusha nafasi kubwa, kwa sababu wateja wengi ni watazamaji. Ndiyo maana simu inayoshusha megabiti 30 kwa sekunde inaweza ikapandisha 3 tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, vile vijiti vya mtandao juu ya kioo visikudanganye. Vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara. Havionyeshi jinsi mnara unavyoisikia simu, na wewe unayerusha unahitaji hilo la pili. Nimewahi kusimama ndani ya ukumbi wenye paa na kuta za mabati, vijiti vinne vimejaa, huku data inayopanda haifiki hata megabiti moja. Nilipotoka hatua sita hadi mlangoni ikapanda mara tatu.

Bitireti ni nini, na inahusianaje na 480p au 720p?

Kamera hupiga picha 25 au 30 kila sekunde. Zote zikitumwa zilivyo, hakuna bando litakalotosha, kwa hiyo simu huzibana: hutuma picha moja kamili, kisha kwa sekunde kama mbili hutuma tu yale yaliyobadilika, halafu inarudia picha kamili. Bitireti ni posho ya data unayoipa simu kwa kila sekunde ya kazi hiyo. Ukiandika 1,100 kbps, unaiambia itumie kilobiti 1,100 kwa sekunde, ijipange yenyewe.

Namba za 480p na 720p zinataja ukubwa wa picha ambayo posho hiyo inagawanywa. Picha ya 480p, yaani 854 kwa 480, ina pikseli kama laki nne. Ya 720p ina zaidi ya laki tisa, na ya 1080p inapita milioni mbili. Posho ikiwa ile ile na picha ikawa kubwa, kila pikseli inapata kidogo, na hapo ndipo zinapozuka zile chenga za mraba mtu akitembea au kwaya ikianza kuyumba. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: kwa simu nyingi, ukitenga biti moja kwa kila pikseli kumi, picha inatulia. Ukishuka hadi biti moja kwa pikseli ishirini, chenga zinaanza kuonekana kwenye kila kinachosogea.

Tufanye hesabu hiyo kwa 1,100 kbps na picha 25 kwa sekunde. Kwenye 480p unapata biti moja kwa pikseli tisa hivi, kwa hiyo uko salama. Kwenye 720p unapata biti moja kwa pikseli ishirini na moja. Data ni ile ile na bando ni lile lile, lakini picha “kubwa” ndiyo itakayoonekana mbaya. Watu hubisha hili hadi walione wenyewe. Anayebisha namwomba arushe dakika mbili kwa kila ukubwa, kisha azitazame kwenye simu ya mwenzake.

Yapo mambo mawili yanayokula posho bila mtu kujua. La kwanza ni mkono unaotetemeka. Simu ikiyumba, ukuta, miti na anga vyote vinahesabika kuwa vimebadilika, na posho inakwenda huko badala ya kwenye uso wa anayezungumza. Stendi ya bei nafuu inaweza kukuletea picha safi kuliko kuongeza kilobiti mia tatu. La pili ni giza. Kwenye mwanga hafifu kamera hutoa punje punje zinazochezacheza, na simu inazibana kana kwamba ni vitu vya maana. Mtu asogezwe dirishani, au taa iwashwe, kabla hujagusa mpangilio wowote.

Nipimeje uwezo wa mtandao wa mahali?

Kwa programu yoyote ya kupima spidi, mradi usome namba ya kupandisha, ile iliyoandikwa `Upload`. Usipime mara moja ukaridhika. Pima walau mara tatu kwa kila sehemu utakayosimama, ukiacha dakika chache katikati, na uandike namba zote kwenye karatasi. Ikiwezekana pima siku ya wiki na saa zinazofanana na za tukio lenyewe. Kumbuka pia kwamba kila kipimo kinakula bando, na mtandao ukiwa na kasi kinakula zaidi.

Katika namba hizo chukua ya chini kabisa. Namba kubwa haikusaidii kitu, kwa sababu matangazo hayakatiki dakika ambayo mtandao ni mzuri. Kisha hiyo ya chini uigawe kwa mbili. Nusu ninaiacha wazi kwa sababu tatu. Programu ya kupima kwa kawaida hufungua njia kadhaa kwa pamoja na kuzivuta kwa sekunde chache, ilhali matangazo yanapita njia moja kwa saa nzima. Pili, simu huivuka posho kidogo pale picha inapobadilika ghafla. Tatu ni watu. Ulipopima ulikuwa peke yako, na siku ya tukio mnara huo huo utakuwa na mamia ya wageni wanaotuma picha na video zao kwa wakati ule ule uliopangiwa kurusha.

Kijana wetu alipanda kijijini Ijumaa alasiri akiwa na laini mbili za mitandao tofauti. Nyumba iko mgongoni mwa mlima na mji unaonekana chini. Kaburi lilichimbwa hatua mia moja hivi upande wa pili, mteremko unakoanza kujificha. Kibarazani laini ya kwanza ilimpa megabiti 5.2, kisha 3.9, kisha 4.4. Kaburini ilimpa 3.1, 2.4 na 2.7. Laini ya pili ilikuwa nzuri zaidi kibarazani, karibu 7, lakini kaburini haikufika hata 0.6. Angepima nyumbani tu angeichagua ya pili, na matangazo yangekatika jeneza likiwa njiani.

Ya chini kabisa katika laini ya kwanza ni 2.4, na nusu yake ni 1.2. Ndani ya hiyo megabiti 1.2 tukatenga kwanza sauti, kilobiti 96. Sauti ndiyo inayotangulia. Aliye Doha atavumilia picha yenye ukungu, lakini mahubiri yanayokatakata hayavumiliki. Zikabaki kilobiti 1,100 za picha, na kwa hesabu tuliyokwisha kuifanya zinakwenda kwenye 480p, picha 25 kwa sekunde. Nyumbani angeweza kubeba 720p, lakini ukishaanza kurusha huwezi kubadilisha ukubwa wa picha bila kusimamisha matangazo. Unachagua ule utakaofika hadi kaburini.

Namba hizo naziweka wapi? Facebook na TikTok hazinipi nafasi ya kuziandika.

Ni kweli. Ukirusha kutoka ndani ya programu hizo zenyewe, zinajichagulia bitireti. Zikikutosha, basi. Ukitaka kupanga mwenyewe, tumia programu ya kurushia kama Larix Broadcaster, ambayo ipo kwa Android na iPhone, ingawa baadhi ya uwezo wake ni wa kulipia. Unaingiza anwani ya seva na ufunguo wa matangazo yako. Kwa YouTube anwani ni hii:

```
rtmp://a.rtmp.youtube.com/live2
```

Ufunguo unaupata kwenye YouTube Studio. Utunze kama namba ya siri ya benki, maana mwenye ufunguo anaweza kurusha chochote kwa jina lako. Na kama chaneli haijawahi kurusha, omba ruhusa mapema, kwani kufunguliwa kunaweza kuchukua hadi saa 24. Kwenye msiba hilo ndilo linalowakwamisha wengi kuliko mtandao.

Ndani ya mipangilio ya picha utaona `Resolution`, `Frame rate`, `Bitrate` na `Keyframe frequency`. Hiyo ya mwisho ni muda kati ya picha kamili na picha kamili. Iache sekunde 2. Kisha tafuta `Adaptive bitrate` na uchague `Logarithmic descend`. Kwa chaguo hilo programu inaanza na bitireti uliyoandika, mtandao ukibana inashuka, ukifunguka inarudi juu. Hapa pia utaona faida ya kuchagua picha ndogo: 480p ikishushwa hadi kilobiti 600 inakuwa na ukungu lakini watu wanatambulika, ilhali 720p kwa kilobiti 600 ni chenga tupu.

Je, simu ikiita katikati ya ibada?

Hili limeua matangazo mengi, na kuzima mlio hakuliponyi. Kwenye laini isiyo na huduma ya kupiga simu juu ya 4G, mtu akikupigia, mtandao wenyewe unaishusha simu yako hadi 3G au 2G ili ipokee. Inashushwa hata kama umeifanya kimya na hukuona chochote kwenye kioo. Data inayopanda inaporomoka, na matangazo yanakatika.

Dawa nyepesi ni kuelekeza simu zote kwenye namba nyingine kabla ya kuanza. Piga `**21*` ukifuatisha namba hiyo na alama ya `#`. Ukimaliza piga `##21#` kuondoa. Uliza kwanza kama mtandao wako unatoza kwa simu zinazoelekezwa.

Dawa ninayoipenda zaidi ni simu mbili. Ya kwanza, yenye laini ambayo namba yake haijulikani na watu, inakaa mahali penye mtandao mzuri ikigawa intaneti kwa hotspoti. Ya pili ndiyo kamera. Iweke kwenye hali ya ndege, kisha uwashe waifai peke yake na uiunganishe na ya kwanza. Kamera haiwezi tena kupigiwa na yeyote. Na simu ya hotspoti haina lazima ya kukaa penye kamera: inaweza kuning'inizwa dirishani, au nje ya ule ukumbi wa mabati, huku wewe uko ndani. Usiiache mbali sana tu. Kwa watu wengi waliosimama katikati, hatua ishirini zinatosha kuidhoofisha waifai, kwa kuwa miili ya watu inayameza mawimbi yake.

Kijana wetu aliitumia njia hii. Mdogo wake alishika simu ya hotspoti juu, kimo cha bega, akimfuata hatua mbili nyuma hadi kaburini.

Bando kiasi gani?

Gawanya megabiti kwa nane upate megabaiti. Megabiti 1.2 kwa sekunde ni megabaiti 0.15 kwa sekunde, yaani kama 540 kwa saa. Ratiba ilikuwa kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa na nusu, saa tatu na nusu, kwa hiyo GB 1.9. Nilimwambia anunue GB 4 kwa ajili ya majaribio, vipimo na mahubiri yatakayozidi muda. Soma masharti ya kifurushi: vingine hupunguzwa kasi ukishavuka kiwango fulani, na vingine ni vya saa za usiku tu.

Watazamaji wanasema imekwama. Nitajuaje tatizo ni langu au lao?

Kabla ya kugusa chochote, uliza wangapi wamekwama na lini. Akilalamika mmoja na wengine wanaendelea, tatizo liko kwake. YouTube huyatengeneza matangazo yako kwa ubora kadhaa, kwa hiyo mwambie ashuke hadi 240p au 144p na ataendelea. Wakikwama wote kwa sekunde ile ile, tatizo liko kwako, na wao hawana la kufanya.

Upande wako angalia bitireti halisi inayoonyeshwa kwenye kioo wakati unarusha. Ikikaa karibu na uliyoandika, data inatoka. Ikishuka na kubaki chini, mtandao umebana. Ikigusa sifuri kisha ikaruka juu sana, data ilikuwa inarundikana ndani ya simu ikisubiri njia, na rundo hilo likikua, programu inaanza kutupa picha, kisha seva inakata mawasiliano. Mtu mmoja mwenye simu nyingine afungue YouTube Studio, ambako hali ya matangazo huandikwa na onyo hutokea data isipofika ya kutosha. Asiwe wewe, na asitumie hotspoti hiyo hiyo.

Joto nalo lina dalili zake. Picha inaanza kurukaruka ilhali bitireti iko sawa, na simu inaunguza kiganja. Simu iliyopata moto hupunguza kasi yake yenyewe. Itoe juani, punguza mwanga wa kioo, vua kava, na kama pawabenki imechomekwa, ichomoe kwa muda.

Lipo jambo moja la kupanga kabla, nalo ni ucheleweshaji. YouTube itakuuliza kama unataka `Normal latency`, `Low latency` au `Ultra low-latency`. Kwa msiba au harusi chagua ya kwanza. Watazamaji watachelewa kwa sekunde nyingi zaidi, lakini muda huo ni akiba kwenye simu zao: ukiyumba kwa sekunde nne, wao hawajui. Haraka ina maana pale tu unapojibizana nao.

Na ikikatika kabisa?

Hakikisha mapema kwamba kwenye YouTube Studio umezima `Enable Auto-stop`. Ikiwa imewashwa, simu ikipoteza mtandao inaweza kuhesabiwa kuwa umemaliza, matangazo yanafungwa, na kila mtu anahitaji kiungo kipya. Ikiwa imezimwa, unarudi kwa ufunguo ule ule na watazamaji wanaendelea pale pale walipo. Kwa hiyo usikimbilie kufungua matangazo mapya. Rudi hatua chache mahali ulipopita ukiwa na mtandao, subiri programu ijiunganishe, na kama haijirudishi bonyeza mwenyewe. Ikishindwa mara tatu, shusha bitireti kwa nusu kabla ya kujaribu tena.

Weka pia programu irekodi kwenye simu wakati inarusha. Rekodi hiyo haipotezi sekunde mtandao unapokatika.

Jumamosi hiyo ilianza vizuri kwa kilobiti 1,100. Kwaya iliposimama na watu wakatoa simu zao, bitireti ikashuka hadi 700 ikarudi. Kaburini, wakati wa mashada, ikakaa kwenye 600 kwa dakika kama tisa. Picha ilikuwa na ukungu, sauti haikukatika. Binti mkubwa alisikia jina lake likisomwa, akaona shada lake likiwekwa na mikono ya shangazi. Mawasiliano yalipotea mara moja tu, kwa sekunde kumi na moja, pale mdogo mtu alipoishusha ile simu ya hotspoti mfukoni ili asaidie kushika kamba za jeneza.